Kulinda Video Ghafi za Mwaka Mzima Zisipotee

Mwaka 1998, studio ya Pixar nchini Marekani ikiwa katikati ya kutengeneza filamu ya katuni Toy Story 2, mtu mmoja aliandika kwenye kompyuta amri ya kufuta faili mahali pasipostahili. Wafanyakazi waliokuwa wakitazama vioo vyao waliona vipande vya wahusika vikitoweka kimoja baada ya kingine. Walipozima mashine, sehemu kubwa ya filamu ilikuwa imekwisha kufutika. Hawakushtuka sana mwanzoni, kwa kuwa studio ilikuwa na mfumo wa kuhifadhi nakala. Walipoufungua ndipo wakagundua kwamba ulikuwa na hitilafu kwa takriban mwezi mzima, na hakuna aliyejua. Filamu iliokolewa na Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa kazi ya kiufundi. Alikuwa amejifungua na akifanyia kazi nyumbani, hivyo kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na nakala ya karibuni.

Kisa hicho husimuliwa sana kama bahati njema. Mimi naona somo lake liko kwenye ule mwezi mmoja. Pixar hawakukosa nakala. Walikosa mtu wa kuifungua aone kama inafanya kazi. Huo ndio ugonjwa ninaouona hata kwa watengenezaji wetu wa filamu wenye kompyuta moja na diski mbili. Nakala wanayo, ila hawajawahi kuijaribu.

Tuchukue kazi ya aina inayofanyika kwetu. Watu wawili wanarekodi filamu ya ujenzi wa jahazi Lamu, tangu mkuku unapolazwa hadi siku ya kushua chombo majini. Kazi itachukua mwaka na zaidi. Hakuna tukio litakalorudiwa: ubao ukishapigwa misumari umepigwa, na fundi mzee aliyehojiwa Januari huenda Desemba hatakuwa na afya ya kuhojiwa tena.

Waanze kwa hesabu ya nafasi. Kamera nyingi za sasa hurekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde. Biti nane hufanya baiti moja, kwa hiyo hizo ni megabaiti 12.5 kila sekunde, sawa na gigabaiti 45 kwa saa. Wakirekodi saa 40 kwa mwaka, watakuwa na gigabaiti 1,800. Diski iliyoandikwa terabaiti 2 dukani itakaribia kujaa kabla hawajaweka sauti, muziki na matoleo ya mwisho. Wanunue za terabaiti 4, na wanunue tatu. Sababu ya kuwa tatu inatokana na kanuni ambayo mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliieneza: nakala tatu, kwenye vifaa viwili vya aina tofauti, na moja ikae nje ya jengo. Kwa timu ndogo, aina tofauti inaweza kumaanisha tu diski za kampuni mbili, ili kasoro ya kiwandani isiziue zote kwa pamoja.

Sasa kadi inatoka kwenye kamera jioni. Hapa ndipo kazi nyingi hupotea, na ndiyo maana nitakaa hapa kidogo. Kadi iliyotumika ifungwe kwanza kile kiswichi chake cha pembeni kinachozuia kuandika, kisha iingie mfuko tofauti na kadi tupu. Nyumbani, inakiliwe kwenda diski ya kwanza, halafu inakiliwe tena kutoka kwenye kadi ileile kwenda diski ya pili. Usitoe nakala ya pili kwenye ile ya kwanza, maana kama ya kwanza imeharibika njiani, utakuwa umeuzalisha uharibifu huo.

Kukokota faili kwa kipanya na kusubiri mstari ujae hakutoshi. Kompyuta inasema imemaliza kuandika. Haisemi kwamba kilichoandikwa ni sawa na kilichokuwa kwenye kadi. Waya uliolegea au diski iliyochoka inaweza kubadilisha baiti chache, na klipu ikagoma kufunguka miezi sita baadaye. Dawa yake ni programu inayosoma faili za pande zote mbili, kutoa namba ndefu kwa kila faili, na kuzilinganisha. Namba zikilingana, faili ni zilezile. TeraCopy kwenye Windows hufanya hivyo ukiwasha uhakiki. DaVinci Resolve, hata toleo la bure, ina Clone Tool kwenye ukurasa wa Media. Ukitaka kuhakiki klipu moja tu kwenye Windows, amri ni hii:

```
certutil -hashfile C0001.MP4 SHA256
```

Iendeshe kwenye kadi, kisha kwenye diski, ulinganishe. Kadi isifomatiwe hadi nakala mbili zihakikiwe, na ikifomatiwa, ifomatiwe ndani ya kamera yenyewe, si kwenye kompyuta.

Lile jina C0001 nalo lina hatari yake. Kamera nyingi zinaweza kurudi namba moja kila kadi inapofomatiwa, kutegemea ulivyozipanga. Wenzetu wa Lamu wakiwa na kamera mbili, kufika mwezi wa tatu watakuwa na C0001 kadhaa. Ukizimwaga zote kwenye folda moja, zitafunikana, au kompyuta itazibadilisha majina, na programu ya kuhariri ikija kutafuta klipu iliyopotea inaweza kushika isiyo yake. Kwa hiyo kila kadi ipate folda yake yenye tarehe, kamera na kadi. Ndani yake pasiguswe kitu, hata folda ndogo zinazoonekana hazina maana, kwa sababu baadhi ya kamera huweka humo habari za saa na mpangilio wa klipu.

```
JAHAZI/
  01_GHAFI/2025-03-14_KAM-A_KADI-02/
  02_SAUTI/
  03_MRADI/
  04_MUZIKI_MICHORO/
  05_MATOLEO/
```

Tarehe ianze na mwaka ili kompyuta izipange kwa mfuatano. Na saa ya kamera irekebishwe kabla ya siku ya kwanza; kamera inayodhani tuko mwaka 2017 itawachanganya hadi mwisho.

Tukiacha video ghafi, kuna faili ya mradi, ile inayobeba maamuzi yote ya mhariri: wapi pamekatwa, rangi, mpangilio wa sauti. Ni ndogo kuliko klipu moja ya dakika chache, lakini imebeba miezi ya kazi. Anayetumia Premiere Pro ana faili inayoonekana, yenye mwisho wa .prproj, na anaweza kuinakili. Anayetumia DaVinci Resolve awe macho zaidi. Kwa kawaida Resolve huweka miradi kwenye hifadhi yake ndani ya kompyuta, si kwenye diski ya nje yenye video. Mtu ananakili diski yake yote kila wiki kwa uaminifu, kompyuta inaibwa, kisha anakuta ana saa 40 za video na hana hata mkato mmoja. Kila jioni ya kuhariri, afungue Project Manager, abofye mradi kwa kitufe cha kulia, achague Export Project, na faili ya .drp inayotoka aiweke kwenye 03_MRADI ikiwa na tarehe. Tena awashe Project Backups kwenye mipangilio. Na asisasishe programu katikati ya kazi bila kutoa faili hiyo kwanza, maana mradi uliofunguliwa kwenye toleo jipya kwa kawaida haurudi kwenye la zamani.

Faili hizi ndogo ndizo za kupeleka kwenye hifadhi ya mtandaoni. Video ghafi ni hadithi nyingine. Kwa mtandao unaopandisha megabiti 10 kwa sekunde, gigabaiti 1,800 zitachukua takriban siku 17 bila kukatika usiku wala mchana. Kwetu, nakala ya nje ya jengo ni diski ya tatu inayosafiri: mmoja akienda Mombasa anaiacha kwa dada yake na kurudi na ile ya awali. Watakaofanya hivyo watahitaji diski ya nne, na ni fedha iliyotumika vizuri.

Watu huuliza kama folda inayojilinganisha yenyewe na Google Drive haitoshi. Haitoshi peke yake. Ukifuta faili kwenye kompyuta, inafutwa na kule. Inakaa kwenye pipa la taka siku 30, kisha haipo. Hata kirusi kinachofunga faili ili kudai fedha kinaweza kusambaa kwa njia hiyo. Diski iliyochomolewa na kuwekwa kabatini haifikiwi na mkono wa bahati mbaya wala wa mwizi wa mtandaoni. Kwa sababu hiyohiyo, kisanduku cha diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja hakihesabiwi kuwa nakala: kinakuvusha diski moja inapokufa, lakini ukifuta, kimefuta.

Matoleo yanayotoka yahifadhiwe pia. Kila mkato unaopelekwa kwa mtu kutazamwa upewe namba na tarehe, na ule wa mwisho utolewe kwa ubora wa juu, kwa mfano ProRes 422 au DNxHR, pamoja na toleo lisilo na maandishi na sauti zilizotenganishwa: mazungumzo, muziki, milio. Hata kama video ghafi zikija kupotea, toleo hilo linatosha kutengeneza filamu yenye tafsiri nyingine au fupi zaidi. Nakala nyepesi za kuhariria na faili za muda, kwa upande mwingine, hazihitaji kulindwa. Programu itazitengeneza upya.

Lililobaki ni jaribio. Mara moja kwa mwezi, diski ya Mombasa ichomekwe kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuona mradi huu. Ingiza .drp ya karibuni, unganisha upya klipu, ucheze mwanzo, katikati na mwisho. Alama nyekundu zikitokea, umeshajua kinachokosekana wakati bado kadi au diski nyingine ipo. Sikiliza pia diski yenyewe. Kunakili kukipungua kasi ghafla, diski ikitoweka na kurudi, au ikigonga ndani, usiendeshe programu za kuikarabati. Nakili kwanza visivyopatikana penginepo, kisha iache. Na kama umefuta video kwenye kadi kwa makosa, usirekodi hata sekunde moja zaidi juu yake. Programu kama PhotoRec mara nyingi huzirudisha iwapo hazijaandikiwa juu.

Msomaji uliye na filamu, harusi ya mteja au mahojiano ya utafiti kwenye diski moja: nunua ya pili mwezi huu, nakili usiku mmoja ukiwa umewasha uhakiki, na kesho yake uifungue kwenye kompyuta ya rafiki uone kama kila klipu inacheza.