Tatu kwa Moja: Saa Iliyojificha Ndani ya Pigo la Gofu

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mmarekani John Novosel alikuwa akihariri video ya Jan Stephenson, bingwa wa gofu kutoka Australia. Video ya wakati ule ilikuwa na picha 30 kwa kila sekunde, na kuihariri kulimlazimu mtu kuisogeza picha moja baada ya nyingine. Novosel akaanza kuhesabu. Tangu fimbo inapoanza kuondoka kwenye mpira hadi inapofika juu nyuma ya kichwa, picha 27. Kutoka pale juu hadi fimbo inapougusa mpira, picha 9. Akachukua video za mabingwa wengine, akakuta 24 kwa 8, na wenye haraka zaidi 21 kwa 7. Nyakati zilitofautiana, lakini uwiano haukubadilika: kwenda juu kulichukua mara tatu ya kushuka. Mwaka 2004 alitoa kitabu kuhusu jambo hilo, *Tour Tempo*, akishirikiana na mwandishi wa michezo John Garrity.

Tukizigeuza picha hizo kuwa sekunde, mchezaji wa 27 kwa 9 anapandisha fimbo kwa sekunde 0.9 na kuishusha kwa 0.3. Pigo zima, basi, ni sekunde 1.2. Yule wa 21 kwa 7 anamaliza kazi yote kabla sekunde moja haijatimia. Hapo ndipo macho yanapotudanganya. Ernie Els wa Afrika Kusini alipewa jina la utani kwa jinsi alivyopiga kana kwamba hana haraka na dunia, ilhali Nick Price wa Zimbabwe alisifika kwa pigo la chapuchapu. Wote wawili walitwaa mataji makubwa. Anayetazama Kenya Open akiwa nyuma ya kamba huondoka akiamini kwamba mabingwa wanapiga polepole. Sivyo. Kinachoonekana kama upole ni mwendo usio na mahali unapokatika.

Ndiyo maana ule ushauri unaotolewa kila uwanja, "vuta fimbo taratibu," mimi naushuku. Robert Grober, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Yale, na mwenzake Jacek Cholewicki walipima nyakati za mapigo, wakaona kwamba wachezaji wa kulipwa wanatumia muda mfupi zaidi kuliko wachezaji wa kawaida, na muda wao haubadilikibadiliki. Maelezo yao yanafanana na bembea: mabega, mikono na fimbo vina mwendo wake wa asili, na anayesukuma kwa kufuata mwendo huo hupata zaidi kwa nguvu kidogo. Mchezaji wa Jumapili anayejikokota sekunde moja na robo kwenda juu huwa ameupoteza mwendo huo. Akifika juu hana kinachomsukuma, kwa hiyo anashtuka na kuivuta fimbo chini kwa mikono.

Mshtuko huo unaharibu mpangilio. Katika pigo zuri kiuno ndicho kinachoanza kugeuka kuelekea lengo, kifua kinafuata, kisha mikono, na kichwa cha fimbo kinakuja mwisho. Kiuno cha bingwa huanza hata kabla fimbo haijamaliza kupanda. Kila kiungo hukipa kasi kile kinachofuata, kisha chenyewe hupunguza mwendo. Mtu anapotaka kuongeza nguvu, mikono na bega la kulia ndivyo vinavyotangulia, kwa maana ndivyo anavyovihisi. Viganja vinabana, misuli inayokunja na inayokunjua inashindana, na ile pembe kati ya mkono na fimbo inafunguka mapema. Kasi ya juu kabisa inafikiwa fimbo ikiwa bado usawa wa kiuno, na mpira unapoguswa mwendo umeshaanza kuisha. Mara nyingi fimbo pia inakuja kutoka nje kuingia ndani, na mpira wa mtu wa mkono wa kulia unapinda kwenda kulia, vichakani.

Wala hakuna nafasi ya kurekebisha njiani. Fimbo inashuka kwa robo ya sekunde au zaidi kidogo, na mwili wa binadamu unahitaji karibu sekunde 0.2 kuitikia jambo lolote. Unapohisi umekosea, mpira umeshaondoka.

Tuseme mchezaji anapiga kwa draiva, kichwa cha fimbo kikienda kilomita 150 kwa saa. Akiupata mpira karibu na katikati ya uso wa fimbo, mpira unaweza kuondoka na kasi mara 1.45 ya hiyo, yaani karibu kilomita 218 kwa saa. Sasa ajikaze, afikishe 156, lakini aupige kuelekea ncha ya fimbo, ambako mpira unapata mara 1.35 tu. Unaondoka na 211. Amekaza meno, ameongeza kasi ya fimbo, na mpira wake umepungua kasi, tena unapinda.

Kujipima si kazi ngumu. Simu nyingi za leo zinarekodi picha 240 kwa sekunde, na ni heri kutumia hizo kuliko 30 za Novosel. Kwa picha 30, kukosea picha moja tu kwenye kushuka kunageuza 24 kwa 8 kuwa 24 kwa 7, na uwiano unaruka kutoka 3 hadi karibu 3.4. Weka simu mbele ya kifua chako, hesabu tangu kichwa cha fimbo kinapoanza safari ya nyuma (ule mtikisiko wa kujiandaa usiuhesabu), kisha tangu kinapogeuka hadi kinapogusa mpira. Ukipata 216 na 72, uko pale alipokuwa Stephenson. Ukipata 290 na 72, umechelewa kupanda, na tiba ni kuanza kwa mwendo mchangamfu zaidi, si kushuka kwa nguvu. Wapo wachezaji hodari walio 2.7 au 3.3, kwa hiyo usihangaikie desimali. Tena uwiano mzuri hauunyooshi uso wa fimbo uliofunguka.

Kipimo kingine hakihitaji simu. Geuza fimbo, ishike upande wa kichwa, uizungushe hewani usikilize mvumo. Ukivuma kwa nguvu karibu na bega lako la kulia, umemwaga kasi mapema. Mvumo unatakiwa usikike pale mpira ungekuwa, au mbele yake kidogo.

Kwa mazoezi, weka mdundo wa metronomu kwenye simu, midundo 200 kwa dakika. Kila mdundo ni sekunde 0.3. Anza kusogeza fimbo kwenye mdundo wa kwanza, uwe juu kwenye wa nne, mpira uguswe kwenye wa tano. Anza na fimbo ya chuma namba 7 bila mpira, kisha weka mpira na usijali unakokwenda. Anayejisikia amebanwa na haraka apewe siku kadhaa kabla ya kubadilisha. Anayejisikia anasubiri ajaribu 225, ambao ndio mwendo wa 24 kwa 8.

Kwenye grini hesabu inabadilika. Pigo la kuusukuma mpira shimoni ni fupi, kiuno hakihitajiki, na uwiano wa wachezaji wazuri unakaribia mbili kwa moja. Unaanza kwenye mdundo wa kwanza, unafika nyuma kwenye wa tatu, unagusa mpira kwenye wa nne. Kwa shimo la mbali unarefusha mvuto wa fimbo, lakini midundo inabaki ileile.