Mkono Upi Uko Juu? Kusoma Maswali Mawili ya Hojaji kwa Kai-Mraba

Piga makofi mara moja, kisha isimamishe mikono ilipokutana na uitazame. Kwa watu wengi mkono mmoja umekaa juu ya mwenzake, na ni uleule kila siku bila wao kujua. Je, mkono huo ni ule wanaoandikia?

Swali hili liliwahi kuulizwa kwenye hojaji ya wanafunzi 237 waliokuwa wakisoma somo la Takwimu la kuanzia katika Chuo Kikuu cha Adelaide, Australia. Majibu yao yamehifadhiwa ndani ya programu ya R, katika kifurushi kiitwacho `MASS`, kwa hiyo yeyote mwenye kompyuta anaweza kuyafungua na kuyahesabu upya. Nimeyachagua kwa sababu yana shida ileile inayomkuta kila anayekusanya hojaji: kundi moja lina watu wengi, jingine lina wachache mno.

Tunachukua maswali mawili tu. La kwanza ni mkono wa kuandikia, kulia au kushoto. La pili ni mkono unaokaa juu mtu anapopiga makofi: kushoto, kulia, au hakuna unaokaa juu. Majibu yote mawili ni majina ya makundi, si vipimo kama kilo au shilingi. Huwezi kutafuta wastani wa "kushoto" na "kulia". Unachoweza ni kuhesabu watu. Ukiwaondoa ambao hawakujibu mojawapo ya maswali haya, wanabaki 235, na hivi ndivyo walivyogawanyika:

| Anaandikia | Kushoto juu | Hakuna ulio juu | Kulia juu | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Kushoto | 9 | 5 | 4 | 18 |
| Kulia | 29 | 45 | 143 | 217 |
| Jumla | 38 | 50 | 147 | 235 |

Jicho linaona kitu mara moja. Wenye shoto ni 18, na nusu yao huweka mkono wa kushoto juu. Lakini watu 18 ni wachache, na kundi dogo huyumba. Pengine makofi hayana habari kabisa na mkono wa kuandikia, na hawa 18 wametokea tu kuwa hivyo. Jaribio la kai-mraba, ambalo Karl Pearson alilichapisha mwaka 1900, linapima shaka hiyo hasa.

Hesabu yake inaanza kwa kukubali kwa muda kwamba hakuna uhusiano. Kama hakuna, wenye shoto wangepiga makofi kama watu wengine wote. Katika darasa zima, watu 147 kati ya 235 huweka mkono wa kulia juu. Kwa uwiano huohuo, kati ya wenye shoto 18 tungetarajia 18 × 147 ÷ 235, yaani watu 11.26. Waliopatikana ni 4. Kila kisanduku cha jedwali kinatendewa hivyohivyo: jumla ya safu yake mara jumla ya nguzo yake, gawanya kwa watu wote. Tunayoipata ndiyo idadi inayotarajiwa. Isikusumbue kwamba hakuna nusu mtu. Huu ni wastani wa kile ambacho kingetokea kama darasa la namna hii lingehojiwa mara nyingi.

Kisha, kwa kila kisanduku, toa iliyotarajiwa kutoka kwa iliyopatikana, zidisha tofauti kwa yenyewe, halafu gawanya kwa iliyotarajiwa. Kugawanya huko kuna maana yake: kupungukiwa watu 7 pale ulipotarajia 11 ni jambo zito, lakini kupungukiwa watu 7 pale ulipotarajia 136 si kitu. Jumlisha visanduku vyote sita, nayo kai-mraba inakuwa 19.25.

Kabla ya kuishangilia namba hiyo, lazima tukague masharti, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Tukiingiza jedwali letu kwenye R, inatoa jibu pamoja na onyo hili:

```
Chi-squared approximation may be incorrect
```

Programu inasema kwamba makadirio yake huenda si sahihi. Sababu iko kwenye safu ya wenye shoto. Idadi zinazotarajiwa huko ni 2.91 kwa "kushoto juu", 3.83 kwa "hakuna", na ile 11.26. Jaribio hili huamua uzito wa jibu kwa kutumia mkunjo laini wa kihisabati, na mkunjo huo unaifuata hali halisi pale tu visanduku vinapotarajiwa kuwa na watu wa kutosha. Kanuni inayofuatwa na wengi, iliyoelezwa na William Cochran mwaka 1954, ni kwamba visanduku vyenye matarajio chini ya 5 visizidi asilimia 20 ya visanduku vyote, na pasiwepo hata kimoja chini ya 1. Sisi tunavyo viwili kati ya sita, yaani theluthi moja. Zingatia kwamba kanuni inahusu idadi inayotarajiwa, si iliyopatikana. Kisanduku chenye watu 4 halisi si tatizo kikiwa kinatarajiwa kuwa na 11; watu wengi wanakagua namba isiyohusika na kuridhika, au kuogopa, bure.

Anayetumia Ekseli awe mwangalifu zaidi. Fomula ya `CHISQ.TEST` hutoa thamani ya p peke yake, wala haitoi onyo lolote kuhusu visanduku vidogo. Kwa bahati nzuri fomula hiyo inakudai uandae mwenyewe jedwali la matarajio. Basi lisome kabla ya kusoma jibu.

Dawa mojawapo ni kuunganisha makundi, kwa sharti muungano uwe na maana inayoelezeka. Ukiunganisha "hakuna" na "kulia juu", kisanduku cha 2.91 kinabaki palepale. Ukiunganisha "kushoto juu" na "hakuna", swali linakuwa: je, mkono wa kulia unakaa juu au haukai? Hilo ni swali linaloeleweka. Sasa wenye shoto ni 14 ambao mkono wao wa kulia haukai juu na 4 ambao unakaa. Wa kulia ni 74 na 143. Matarajio madogo kuliko yote ni 6.74, na kai-mraba inakuwa 13.54. Ukiona kompyuta inakupa takriban 11.7, usidhani umekosea: kwa jedwali la mbili kwa mbili R huweka yenyewe marekebisho ya Frank Yates ya mwaka 1934, yanayopunguza jibu kidogo kwa tahadhari. Na asiyetaka kuunganisha chochote ana jaribio kamili la Fisher, lisilotegemea mkunjo ule.

Lisichofaa kabisa ni kujaribu miungano mbalimbali hadi upate jibu linalokupendeza. Muungano unaamuliwa kwa maana ya majibu na kwa idadi zinazotarajiwa, kisha unatajwa wazi kwenye ripoti.

Masharti mengine mawili hayaonyeshwi na onyo lolote, ndiyo maana ni ya hatari zaidi. La kwanza, kila mtu awe kwenye kisanduku kimoja tu. Swali la "chagua yote yanayokuhusu" linamweka mhojiwa mmoja mahali patatu, na hesabu inamchukua kama watu watatu. La pili, jedwali liwe la idadi ya watu, si asilimia. Hili nimeliona kwenye ripoti nyingi, na madhara yake yanapimika. Geuza jedwali letu kuwa asilimia: wenye shoto 78 na 22, wa kulia 34 na 66. Ingiza namba hizo kana kwamba ni watu, na kai-mraba inaruka kutoka 13.5 hadi 39.3. Wanafunzi 18 wamehesabiwa kama 100, na ushahidi umevimba bila mtu yeyote mpya kuhojiwa.

Turudi kwenye 13.54. Ukubwa wake husomwa pamoja na digrii za uhuru: safu ukitoa moja, mara nguzo ukitoa moja. Jedwali la mbili kwa mbili lina digrii moja, na kwa digrii moja mpaka wa kawaida, ule wa asilimia 5, ni 3.84. Tumeupita mbali. Thamani ya p ni takriban 0.0002. Maana yake ni kwamba kama mkono wa kuandikia na makofi havihusiani kabisa, tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi ingetokea kwa bahati kama mara 2 katika kila madarasa 10,000. Haimaanishi kwamba kuna uwezekano wa asilimia 99.98 kuwa uhusiano upo. Namba hiyo ilihesabiwa kwa kukubali kwamba uhusiano haupo, kwa hiyo haiwezi tena kukuambia uwezekano wa kuwepo kwake.

Wala p haisemi uhusiano una nguvu kiasi gani. Ukiwa na watu elfu kadhaa, tofauti ndogo isiyo na faida kwa yeyote itapata p ndogo sana. Kwa nguvu, tazama asilimia za kila safu: mkono wa kulia haukai juu kwa asilimia 78 ya wenye shoto, na kwa asilimia 34 ya wa kulia. Kipimo kiitwacho V ya Cramér, kinachoanzia 0 hadi 1, hapa ni 0.24: uhusiano upo, lakini kujua mkono wa mtu wa kuandikia hakukuhakikishii atakavyopiga makofi. Asilimia hizo mbili ndizo ningezitanguliza kwenye ripoti, na kai-mraba, digrii na p zifuate.

Hojaji hiyohiyo iliuliza pia kuhusu uvutaji sigara na mazoezi ya mwili. Hapo kai-mraba ni 5.49 kwa digrii 6, na p ni 0.48. Ukiunganisha wafanyao mazoezi kiasi na wasiofanya kabisa, ili visanduku vitoshe, p ni 0.36. Kuna anayesoma jibu hilo na kuandika kwamba "uvutaji sigara hauhusiani na mazoezi." Jaribio halikusema hivyo. Kati ya watu 236 waliojibu maswali hayo mawili, 189 hawakuwahi kuvuta, na wavutaji wakubwa walikuwa 11. Kwa watu 11 hata uhusiano wa kweli unaweza kupita bila kuonekana. Kinachoweza kuandikwa ni kwamba data hizi hazikuonyesha uhusiano, na papohapo kutajwa kuwa wavutaji wakubwa walikuwa 11 tu, ili msomaji ajue ukimya huo umetoka kwa watu wangapi.