Namba Moja, Neno Moja, Kila Jioni

Kabla ya kulala, andika namba kati ya 1 na 10 inayoonyesha jinsi moyo ulivyokuwa leo, kisha neno moja la kuieleza: uchovu, nafuu, ugomvi. Andika saa ileile kila siku, kwa kuwa njaa au usingizi hushusha namba. Usitazame ya jana kwanza, itakuvuta.

Mwezi ukiisha, panga namba za kila wiki kutoka ndogo hadi kubwa, uchukue ya katikati. Tuseme mwalimu amepata 6, 6, 5, 6. Wiki ya tatu ilikuwa na 2 moja, yenye neno "msiba". Siku hiyo ilimuumiza kweli, lakini namba ya katikati ilishuka kidogo tu, na wiki iliyofuata ikapanda. Hapo hakuna la kutibu.

Angepata 6, 5, 3, 3, huku neno "silali" likijirudia, ningemsihi aende kituo cha afya na daftari lake. Huzuni ya karibu kila siku kwa wiki mbili inastahili kuchunguzwa. Mawazo ya kujidhuru yasingoje hesabu yoyote. Amwambie mtu siku hiyohiyo.