Geina au Protini: Kopo Lipi kwa Kijana Mwembamba?

Kwenye rafu za maduka ya virutubisho, poda ya kuongeza uzito, ambayo vijana wa jimu huiita geina, huwa ndiyo yenye kopo kubwa kuliko yote. Kijana wa kilo 55 akiliona hudhani limetengenezwa kwa ajili yake. Kabla hajalipa, aligeuze asome nyuma.

Kwenye geina moja maarufu, kipimo kimoja ni gramu 334, yaani karibu theluthi ya kilo ya unga. Kipimo hicho kina kalori 1,250, protini gramu 50 na wanga gramu 252. Kopo la kilo 2.7 linaisha kwa vipimo 8 tu! Wanga huo kwa sehemu kubwa ni maltodekstrini, wanga uliovunjwavunjwa ambao hupandisha sukari ya damu haraka, ingawa kwenye lebo hauhesabiwi katika mstari wa sukari.

Poda ya kawaida ya protini hutokana na maji yanayobaki maziwa yanapogandishwa kutengeneza jibini. Kijiko chake cha gramu 30 hutoa protini gramu 24 hivi na kalori 120. Hapo ndipo wembamba wengi wanapokwama: wanaikoroga kwa maji, wananyanyua vyuma miezi mitatu, na mzani hausogei. Misuli imepata matofali, lakini nishati ya kujengea haipo.

Tuseme kijana wetu anahitaji protini gramu 88 kwa siku, yaani gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili wake, na kalori 400 zaidi ya anazokula sasa. Chapati za asubuhi, ugali kwa maharage na wali kwa samaki vinampa protini gramu 60 hivi. Akisaga nusu lita ya maziwa yasiyotolewa mafuta, ndizi mbivu na vijiko viwili vya siagi ya karanga, anapata kalori kama 600 na protini gramu 25. Pengo limezibwa karibu lote bila kopo lolote. Kijiko cha poda ya protini akiongeze siku ambayo maharage au samaki wamekosekana.

Geina ina nafasi yake kwa anayeshinda kazini asipate chakula. Hata huyo aanze na robo ya kipimo, kwa sababu kipimo kizima hujaza tumbo gesi, humharisha asiyepatana na maziwa, na huua hamu ya kula. Akishaacha sahani ya usiku kwa shibe ya kopo, alichoongeza kimeshapungua.

Ajipime asubuhi kabla ya kula, kwa mzani uleule, na afunge futi ya fundi cherehani kitovuni. Robo hadi nusu kilo kwa wiki yatosha. Kiuno kikitanuka upesi huku vyuma anavyonyanyua ni vilevile, anaongeza mafuta, basi apunguze. Na kama wembamba ulimjia ghafla, pamoja na kikohozi kisichokwisha au kiu na kukojoa mara kwa mara, aende hospitali kwanza akapimwe kifua kikuu na kisukari.