Uniti ni Zako, Bei Huenda Si Yako

Nyumba moja Kisauni, Mombasa, inatumia mita ya kulipia mwisho wa mwezi. Januari bili ilikuja na uniti 60. Februari 60, Machi 60, Aprili 60. Mei ikaja na uniti 235. Mwenye nyumba anaenda ofisini akiwa amejaa hasira: taa ni zilezile na friji ni ileile, sasa uniti hizi zimetoka wapi? Mhudumu anaangalia kompyuta na kumjibu kwamba mita imesomwa na mita haidanganyi, kwa hiyo alipe. Kila mmoja wao ana nusu ya ukweli. Nyumba hii nimeiunda kwa ajili ya mfano, lakini kisa chake ndicho ninachokutana nacho karibu kila ninapoombwa kukagua bili iliyopanda ghafla.

Tuanze na zile 60 zinazojirudia. Hakuna nyumba ya watu inayotumia umeme sawasawa kwa miezi minne mfululizo. Kuna wiki ya joto feni zinapokesha, na kuna wiki ya mazishi watu wote wako mashambani. Namba ikijirudia hivyo, ujue hakuna aliyesoma mita. Huenda msomaji alikuta geti limefungwa, au mbwa amefunguliwa, au mita iko ndani ya nyumba na mwenyewe yuko kazini. Bili haisubiri, hivyo mfumo unakadiria kwa kutazama matumizi ya miezi ya nyuma na kuyarudia. Kwenye bili kuna mahali panapoonyesha kama usomaji ni halisi au ni makadirio. Wengi hawapaangalii kwa sababu jicho linakimbilia jumla ya kulipa.

Makadirio hayo yalitokana na maisha ya mwaka uliopita, kabla mwenye nyumba hajanunua friji sikukuu za Desemba. Friji ya kawaida hula takriban uniti moja kwa siku, na katika joto la pwani inaweza kuzidi kidogo. Kwa hiyo, tukirahisisha hesabu, tangu Januari nyumba ilikuwa inatumia uniti 95 kwa mwezi huku ikilipia 60. Uniti 35 za kila mwezi hazikupotea. Mita ilizihesabu moja moja na kuzitunza.

Sasa fuata namba zenyewe. Usomaji halisi wa mwisho ulikuwa tarehe 31 Desemba: 18,420. Mfumo ukaongeza 60 kila mwezi, na kufikia mwisho wa Aprili kompyuta ikawa inaamini mita iko 18,660. Mwisho wa Mei msomaji akakuta geti liko wazi na mita inasoma 18,895. Kompyuta ikatoa 18,660 kwenye 18,895 ikapata 235. Katika hizo, 95 ni za Mei. Zile 140 zilizobaki ni malimbikizo ya miezi minne, 35 kwa kila mwezi.

Hapa mhudumu ana haki. Toka 18,420 hadi 18,895 ni uniti 475, na nyumba imezitumia kweli. Imelipia 240 tu. Anayedai asilipe zile 235 anadai umeme wa bure, na hatafika mbali.

Lakini swali la uniti ngapi na swali la kwa bei gani ni maswali mawili, na la pili ndilo linalosahaulika. Nchini Kenya, tangu bei zilizoanza Aprili 2023, mteja wa nyumbani huwekwa katika daraja kulingana na matumizi yake ya mwezi: asiyezidi uniti 30, anayezidi 30 hadi 100, na anayezidi 100. Ukivuka mpaka, bei ya daraja la juu hushika uniti zako zote, si zile za ziada pekee. Ili hesabu iwe nyepesi tuseme daraja la kati ni shilingi 16 kwa uniti na la juu ni shilingi 21, kabla ya gharama nyinginezo.

Mfumo ukizichukua zile uniti 235 kama matumizi ya Mei peke yake, utaiona nyumba hii kama ya daraja la juu: 235 mara 21, shilingi 4,935. Lakini nyumba haijawahi kuvuka 100 katika mwezi wowote. Laiti mita ingesomwa kila mwezi, ingelipa uniti 475 kwa shilingi 16, yaani 7,600 kwa miezi yote mitano. Imeshalipa 240 mara 16, yaani 3,840. Deni la haki ni 3,760. Tofauti ni shilingi 1,175, na ukiongeza kodi ya VAT ya asilimia 16 inapita 1,360. Fedha hizo hazikutokana na umeme alioutumia mtu yeyote. Zimetokana na geti lililofungwa na hesabu iliyourundika mzigo wa miezi mitano mgongoni mwa mwezi mmoja. Hapo mwenye nyumba naye ana haki.

Kuna jambo la pili la namna hiyo, dogo zaidi. Gharama ya mafuta ya kuzalisha umeme hutangazwa upya kila mwezi na hutozwa kwa kila uniti. Zile uniti 140 za zamani zikiingia bili ya Mei zinabeba gharama ya mafuta ya Mei, ingawa zilitumika Januari hadi Aprili. Ikiwa gharama hiyo imepanda kwa shilingi moja, unalipa shilingi 140 zaidi, na ikiwa imeshuka unapata nafuu.

Dawa ya bili ya namna hii ni kuomba igawanywe upya. Andika barua au barua pepe, kwa sababu maneno ya kaunta hayaachi alama. Maneno yenyewe ni mafupi: "Usomaji halisi wa mwisho ulikuwa 18,420 tarehe 31 Desemba. Usomaji wa sasa ni 18,895. Bili nne za katikati zilikuwa makadirio. Naomba uniti 475 zigawanywe katika miezi mitano, bei ya kila mwezi ihesabiwe kwa daraja lake, na malipo niliyokwisha kufanya yatolewe." Kama kulipa kwa mkupuo ni kugumu, omba papo hapo ulipe kwa awamu, huku ukiendelea kulipa sehemu usiyoibishia, ili usikatiwe umeme mzozo ukiwa bado unasikilizwa. Shirika lisipokuridhisha, malalamiko hupelekwa EPRA, mamlaka inayosimamia kawi na petroli. Juu yake liko jopo la kusikiliza mizozo ya kawi na petroli, lililowekwa na Sheria ya Kawi ya 2019.

Hata hivyo, usikimbilie kuandika barua hiyo kabla ya kupima hoja yako, kwa sababu kugawa sawasawa kunasaidia pale tu matumizi yalipokuwa sawasawa. Tuseme friji hiyo ilikuwapo tangu zamani, na kilichobadilika ni kwamba mwishoni mwa Machi mtoto wa mwenye nyumba alihamia na familia yake. Uniti ni zilezile 475, ila sasa ni 75 kwa mwezi kwa miezi mitatu ya kwanza, na 125 Aprili na 125 Mei. Miezi mitatu ni 225 mara 16, yaani 3,600. Miwili ya mwisho imevuka 100 kweli, kwa hiyo ni 250 mara 21, yaani 5,250. Jumla ni 8,850, na ukitoa 3,840 zilizolipwa, deni ni 5,010. Hiyo ni zaidi ya ile 4,935 ya bili iliyomkasirisha! Mita haiwezi kusema ipi kati ya hadithi hizi mbili ni ya kweli. Inajua jumla tu, haina kumbukumbu ya lini.

Kabla ya yote hayo, hakikisha kwamba usomaji unaoitwa halisi ni halisi. Simama mbele ya mita ukiwa na bili mkononi. Mita ya magurudumu ya namba huwa na tarakimu ya mwisho yenye rangi nyekundu au iliyozungushiwa nyekundu. Hiyo ni sehemu ya kumi ya uniti na haisomwi, na anayeisoma kama uniti kamili hukuza hesabu mara kumi. Mita ya kielektroniki hubadilisha namba kwenye kioo chake. Subiri mpaka uione ile yenye alama ya kWh, ambayo kwenye mita nyingi huambatana na 1.8.0, yaani jumla ya umeme ulioingia.

Ukishapata namba, ilinganishe na ile ya bili. Mita ikiwa mbele kidogo tu, kwa kadiri ya siku zilizopita tangu isomwe, usomaji ulikuwa sahihi. Mita ikiwa nyuma ya bili, umetozwa uniti ambazo bado hujazitumia: ama msomaji amekosea tarakimu, ama makadirio yamezidi. Piga picha na uombe irekebishwe. Mita ikiwa mbele sana ya bili iliyokadiriwa, ujue deni linajikusanya na litakuja, hivyo anza kuweka akiba sasa.

Kama shaka yako ni kwamba mita yenyewe inakimbia, kuna jaribio la jikoni. Zima kila kitu, kisha tazama taa ndogo inayomweka. Ikiendelea kumweka kama kawaida, kuna waya unaokula umeme bila wewe kujua, na hiyo ni kazi ya fundi. Ikitulia, washa birika la umeme la wati 2,000 lililojaa maji, uhesabu mimweko kwa dakika 3. Hiyo ni sehemu ya kumi ya uniti. Mita iliyoandikwa 1000 imp/kWh itamweka kama mara 100, na iliyoandikwa 1600 imp/kWh kama mara 160. Tofauti ndogo isikushtue, kwa kuwa nguvu ya umeme mtaani hupanda na kushuka. Ikihesabu mara moja na nusu, omba mita ipimwe rasmi.

Kinachobaki ni kuijengea mita ile kumbukumbu isiyokuwa nayo. Kila mwisho wa mwezi ipige picha kwa simu, namba ya mita na usomaji vikionekana pamoja. Kwa wateja wa Kenya Power, usomaji huo unaweza kutumwa kwa kupiga *977#, ili geti likifungwa namba yako itumike badala ya kukisia. Mita ikibadilishwa, usimruhusu fundi aondoke kabla hujapiga picha ya namba ya mwisho ya ile ya zamani na ya kwanza ya mpya.

Katika nyumba yetu ya Kisauni, picha tano zingeonyesha 18,515, 18,610, 18,705, 18,800 na 18,895. Kwa namba hizo hakuna wa kubisha kwamba kila mwezi ulikuwa uniti 95, na deni ni 3,760. Bila hizo, mwenye nyumba anabaki na neno lake, na bili inabaki na 4,935.