Kujitambulisha mbele ya jopo la ufadhili

Usaili mwingi wa ufadhili wa masomo hufunguliwa kwa ombi la mwombaji kujieleza, na jibu zuri huchukua kama dakika mbili. Jopo tayari lina fomu yenye jina, matokeo na mahali pa kuzaliwa. Kuyarudia ni kupoteza muda. Kinachotafutwa ni uhusiano kati ya alikotoka mtu, anachosoma na anachokusudia.

Hapo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyetoka kijijini hukosea mara nyingi: husimulia umaskini akitarajia huruma. Kijiji huwa na uzito kinapozaa swali la kitaaluma. Mfano ni mwanafunzi wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, aliyekulia Kongwa. Akisema, “Nyumbani dumuzi huharibu mahindi ghalani, utafiti wangu unalinganisha mifuko isiyopitisha hewa na magunia ya kawaida, katika uzamili nataka kuchunguza sumukuvu,” jopo limepata la kuuliza.

Maelezo yaliyokaririwa neno kwa neno hujulikana upesi: msemaji akikatizwa, hupotea. Afadhali akumbuke hoja tatu tu, na asitaje asichoweza kukifafanua, kwani swali linalofuata kwa kawaida hutoka humo humo.