Faili Lililoishiwa na Siku

Kompyuta inajua kwamba Januari 1, 2026 ni Alhamisi. Hiyo ni hesabu tu, na hesabu haiishi. Isichokijua ni kwamba siku hiyo benki zimefungwa. Jumamosi na Jumapili inaweza kuzitambua yenyewe, lakini Muungano, Nane Nane au Uhuru haizijui mpaka mtu aiandikie. Mahali pa kuiandikia, mara nyingi, ni faili dogo la maandishi lenye tarehe moja kila mstari: kalenda ya siku za kazi. Ukiondoa wikendi na sikukuu, mwaka mzima wa Tanzania unaingia katika mistari 250 hivi. Mifumo ya fedha yenye seva za mamilioni na wakaguzi wa kila aina hulisoma faili hilo kila usiku, na wengi wanaoitumia hawajawahi kuliona.

Tuchukue SACCOS ya kubuni jijini Dar es Salaam. Kila mwezi, siku ya tatu ya kazi, programu yake hukata marejesho ya mikopo kwenye akaunti za wanachama. Utaratibu umesema siku ya kazi, si tarehe 3, kwa sababu fedha zinapitia benki, na benki iliyofungwa haipitishi kitu. Januari 2026 siku hiyo inaangukia Jumanne, tarehe 6: Alhamisi ni Mwaka Mpya, Ijumaa ya tarehe 2 ndiyo siku ya kwanza ya kazi, Jumatatu ya tarehe 5 ni ya pili. Jumatano asubuhi mhasibu anafungua ripoti na hakuta rejesho hata moja. Anampigia fundi wa mifumo. Fundi anaangalia skrini yake: hakuna alama nyekundu. Programu iliamka saa nane usiku kama kawaida, ikafungua faili, ikamaliza, ikaandika kwamba imefanikiwa.

Mistari ya mwisho ya faili lenyewe ni hii:

```
2025-12-29
2025-12-30
2025-12-31
```

Na sehemu ya programu inayolisoma, ukiiandika kwa lugha ya Python, ni fupi hivi:

```
zilizobaki = [s for s in kalenda if s >= leo]
for siku in zilizobaki:
    panga_kazi(siku)
```

Maana yake: chukua tarehe zote za kuanzia leo, kisha kwa kila moja panga kazi yake. Tangu Januari 1 tarehe zilizobaki ni sifuri, basi programu imepanga kazi sifuri. Haikukosea. Iliambiwa ifanye jambo kwa kila siku iliyobaki, na hakukuwa na siku. Faili lingekuwa limefutwa, programu ingepiga kelele na fundi angeamshwa usiku huohuo. Lakini faili lipo, linasomeka, na kila tarehe iliyomo ni ya kweli. Ila zote zimepita. Ugumu wa tatizo hili uko hapo. Vifaa vya kufuatilia mifumo hutega sikio kwa kazi iliyoanza ikashindwa. Kazi ambayo haikupangwa kabisa haina cha kushindwa, na mapema Januari, watu wengi wakiwa bado likizo, skrini tulivu haimshangazi mtu.

Cha kusikitisha ni kwamba dalili ilikuwepo kabla ya mwaka kwisha. Katika SACCOS hiyohiyo kuna programu nyingine, ile inayopanga siku ambayo mwanachama aliyeweka hundi ataruhusiwa kutoa fedha, yaani siku mbili za kazi baadaye. Jumatatu ya Desemba 29 ilifanya kazi vizuri, kwa kuwa siku ya pili baada yake ni tarehe 31. Jumanne ya Desemba 30 ilianza kuhesabu: siku ya kwanza ni tarehe 31, ya pili ni Januari 2, na Januari 2 haimo. Programu ikaanguka na kuandika `IndexError: list index out of range`, yaani imeomba mstari ambao faili halina. Mtu wa zamu akaingiza tarehe kwa mkono, mteja akahudumiwa, jambo likasahaulika. Kwa programu inayotazama siku mbili mbele, faili liliishiwa na siku Desemba 30. Ingekuwepo nyingine inayotazama siku sitini za kazi mbele, kwake faili lilikuwa limekwisha tangu mwanzoni mwa Oktoba. Faili kama hili huisha kwa nyakati tofauti kwa kila anayelisoma, na mwenye macho marefu zaidi ndiye wa kwanza kuumia.

Kuna mifumo inayofanya kinyume. Badala ya kuorodhesha siku za kazi, inaorodhesha sikukuu tu na kuzihesabu siku nyingine zote, isipokuwa wikendi, kuwa za kazi. Quartz, maktaba inayotumika sana kupanga kazi katika programu za Java, ina kalenda ya namna hii iitwayo `HolidayCalendar`. Maelezo yake yanasema wazi kwamba inazingatia mwaka: ukitaka kuruka sikukuu ileile kwa miaka kumi, sharti uandike tarehe kumi. Ipo pia `AnnualCalendar`, isiyojali mwaka, na kwa Aprili 26 au Desemba 9 hiyo inatosha. Haitoshi kwa Pasaka, inayohama kila mwaka, wala kwa Idd, inayosubiri mwezi uandame.

Orodha ya sikukuu ikiisha, mfumo hausimami. Unaendelea kwa kujiamini, na siku zisizofaa. Kwa Januari 2026 ungeuona Mwaka Mpya kuwa siku ya kwanza ya kazi, na makato yangefanyika Jumatatu ya tarehe 5 badala ya Jumanne ya tarehe 6. Kosa la siku moja. Wachache wangelalamika, na pengine hakuna ambaye angeuliza sababu. Sasa tazama Aprili. Tarehe 1 ni Jumatano na tarehe 2 ni Alhamisi. Tarehe 3 ni Ijumaa Kuu, tarehe 6 ni Jumatatu ya Pasaka, na tarehe 7 ni kumbukumbu ya Karume. Siku ya tatu ya kazi kwa hiyo ni Jumatano, tarehe 8. Mfumo usiojua sikukuu ungekata Ijumaa Kuu yenyewe, siku tano mapema, na maagizo hayo yangekaa bila kupokelewa mpaka watu warudi kazini. Binafsi naiogopa aina hii kuliko ya kwanza. Ile inayonyamaza hugunduliwa ndani ya wiki moja. Hii inaweza kufanya makosa madogo kwa miezi mitatu kabla ya kufanya kubwa.

Turudi kwenye SACCOS yetu. Ni Jumatano, Januari 7, na faili jipya la 2026 limewekwa. Mtu asiyezoea angedhani mambo yamekwisha. Lakini programu hutazama kuanzia leo kwenda mbele, na tarehe 6 imeshapita. Ikiachwa ilivyo, makato yanayofuata yatakuwa Februari 4 na rejesho la Januari litakuwa limerukwa lote. Wakati huohuo ipo programu ya adhabu za ucheleweshaji, ambayo huhesabu siku za kawaida na haijawahi kuligusa faili la kalenda. Hiyo haikusimama. Usiku wa kuamkia Jumatano ilimtoza adhabu kila mkopaji kwa rejesho ambalo SACCOS yenyewe ilishindwa kulikata.

Kwa hiyo utaratibu wa kurekebisha una mpangilio wake, na ukiuvuruga unazaa tatizo la pili. Kwanza programu ya adhabu inasimamishwa. Kisha wanatafutwa wanachama waliokuja dirishani wakalipa wenyewe, waondolewe kwenye orodha wasikatwe mara mbili. Hapo ndipo makato yanaendeshwa kwa mkono, yakiandikwa tarehe 6 ili riba isibadilike. Mwisho adhabu zinafutwa na wanachama wanatumiwa meseji. Hata hivyo wapo ambao mshahara wao umeshatumika. Makato yao yatagonga akaunti tupu, na kila mmoja itabidi azungumze na afisa mikopo.

Kinga si ngumu kuiandika. Programu ihesabu siku zilizobaki kabla ya kuanza kazi:

```
if len(zilizobaki) < 60:
    onya("Kalenda inaishia " + kalenda[-1])
if len(zilizobaki) == 0:
    raise SystemExit("Kalenda imekwisha")
```

Viwango viwili vinahitajika. Siku sitini za kazi hutoa onyo mwanzoni mwa Oktoba, wakati ofisi ina watu. Onyo la Desemba lingechelewa, kwa sababu taasisi nyingi za fedha hufunga mabadiliko ya mifumo kuelekea mwisho wa mwaka, na faili jipya la kalenda nalo huhesabiwa kuwa badiliko. Hivyo mtu anaweza kuwa nalo mkononi Desemba 20 na asiruhusiwe kuliweka. Sifuri nayo lazima isimamishe programu kwa kelele, isiiache imalize kwa amani.

Kwa orodha ya sikukuu hesabu hiyo haisaidii. Tarehe ya mwisho ikiwa Desemba 26, huwezi kujua kama mwandishi aliishia hapo au kama baada ya hapo kweli hakuna sikukuu. Faili linahitaji kujisemea lenyewe mwisho wa ujuzi wake. Mfano mzuri ni `leap-seconds.list`, faili lenye orodha ya sekunde za ziada zinazoongezwa kwenye saa za dunia. Ya mwisho iliongezwa Desemba 31, 2016, lakini toleo jipya la faili huendelea kutolewa hata kama hakuna sekunde mpya, na ndani yake kuna mstari unaoanza na `#@` unaotaja siku ambayo faili litakwisha muda. Programu ya saa iitwayo `ntpd` huusoma mstari huo na kuanza kulalamika kabla siku haijafika.

Wengine, wakishaumwa na nyoka, huandika kalenda hadi 2035 ili wapumzike. Nisingewashauri. Tarehe za Idd za miaka tisa ijayo ni makadirio ya wanajimu, na faili ambalo haliishi ni faili ambalo hakuna mtu analifungua. Sikukuu nazo huzaliwa katikati ya mwaka. Tanzania ilipumzika Agosti 23, 2022 kwa ajili ya sensa, na Kenya ikaifanya Novemba 13, 2023 kuwa siku ya kupanda miti, ikitangazwa wiki moja tu kabla. Siku kama hizo zinapotangazwa faili linaweza kuwa na miezi kadhaa mbele yake, hakuna onyo litakalotoka, na makato yataenda kwenye benki iliyofungwa isipokuwa kama yupo mtu, kwa jina na kwa nambari ya simu, ambaye kazi yake ni kusikiliza tangazo na kufuta mstari mmoja jioni hiyohiyo.